Grafu ya waliobaki: sehemu ipi ya skripti inastahili kuandikwa upya?

Ukifungua takwimu za video yoyote kwenye YouTube Studio utakuta mstari unaoanzia juu kushoto na kuteremka kuelekea kulia. Hiyo ndiyo grafu ya watazamaji waliobaki. Waandishi wengi wa skripti huisoma kwa namna moja: jicho linatafuta mahali mstari ulipoporomoka zaidi, kisha aya iliyokuwa inasomwa wakati huo inafutwa na kuandikwa nyingine. Shida ni kwamba poromoko kubwa kuliko yote huwa mwanzoni kabisa, linalofuata huwa mwishoni, na yote mawili yanaweza kuwa ya kawaida tu. Sehemu inayowapoteza watazamaji kweli mara nyingi iko katikati, kwenye mteremko usiotisha kuutazama.

Kwanza tuelewane grafu hii inapima nini. Video, iwe fupi au ndefu, hugawanywa vipande 100 vilivyo sawa. Kwa kila kipande, idadi ya mara kilipotazamwa inagawanywa kwa idadi ya mara video nzima ilipotazamwa. Anayezichota takwimu hizi kwa programu yake mwenyewe kupitia YouTube Analytics API huviona vipande hivyo waziwazi:

```
dimensions=elapsedVideoTimeRatio
metrics=audienceWatchRatio,relativeRetentionPerformance
filters=video==VIDEO_ID
```

Mambo mawili yanafuata hapo. La kwanza: kwa video ya dakika 10, kipande kimoja ni sekunde 6, yaani sentensi moja au mbili za msimuliaji. Kwa video ya dakika 40, kipande kimoja ni sekunde 24, yaani karibu aya nzima. Kwa hiyo anayesema sentensi fulani ndiyo iliyowafukuza watu kwenye video ya dakika 40 anadai usahihi ambao grafu haina. La pili: kinachohesabiwa ni mara kipande kilipotazamwa, wala si vichwa vya watu. Mtu mmoja akirudisha nyuma na kuangalia kipande mara tatu, kinahesabiwa mara tatu. Ndiyo maana mstari unaweza kupanda, na sehemu nyingine hata kuvuka asilimia 100. Mstari uliolala kabisa unaweza kuwa na watu kumi walioondoka na wengine kumi waliorudia kwa kuwa hawakuelewa. Tutalirudia hili, maana linawapotosha wengi.

Sasa tuchukue video moja na kuifuata mpaka mwisho. Ni mfano niliouunda kwa ajili ya maelezo, lakini umbo lake litamwingia akilini yeyote aliyewahi kutengeneza video za kufundisha ufundi. Video inaitwa "Rekebisha gia za baiskeli yako mwenyewe", ina dakika 10 kamili, na imeshatazamwa mara elfu kadhaa. Idadi hiyo si jambo dogo. Video iliyotazamwa mara 100 tu, kila mtazamaji ni asilimia nzima, na bonde la asilimia tatu ni watu watatu ambao huenda simu zao ziliita. Takwimu zenyewe pia huchukua siku moja au mbili kuchakatwa. Anayebadilisha skripti kwa kutazama grafu ya jioni ya siku aliyopakia video anakimbizana na kivuli.

Kazi ya kwanza haifanywi kwenye grafu. Chukua skripti yako na video iliyokamilika, kisha andika pembezoni mwa kila sehemu muda inapoanza na inapoishia. Tumia muda wa video yenyewe, si ule uliokadiria wakati wa kuandika, kwa sababu mhariri amekata, ameongeza, na msimuliaji amesoma taratibu kuliko ulivyodhani. Gawa kwa kazi ambayo kila sehemu inafanya, usigawe kwa aya. Ukimaliza, soma kwenye grafu asilimia iliyopo kwenye kila mpaka. Kwa video yetu tunapata hivi:

| Sehemu | Muda | Walioingia | Waliobaki mwishoni |
|---|---|---|---|
| A. Ufunguzi: gia zinaruka, na tutalitatua | 0:00–0:25 | 100 | 74 |
| B. Utambulisho wa chaneli na ombi la kujiunga | 0:25–0:55 | 74 | 63 |
| C. Majina ya sehemu za mfumo wa gia | 0:55–2:45 | 63 | 46 |
| D. Skrubu za mipaka | 2:45–4:35 | 46 | 42 |
| E. Mvutano wa kebo | 4:35–7:05 | 42 | 38 |
| F. Kujaribu gia, na makosa ya kawaida | 7:05–8:50 | 38 | 34 |
| G. Kuaga | 8:50–10:00 | 34 | 15 |

Kwa kutazama tu, A imepoteza pointi 26 na G pointi 19. C imepoteza 17, lakini kwa muda mrefu, kwa hiyo mstari wake haushtui. Hapa ndipo hesabu ndogo inahitajika: waliotoka kwenye sehemu wagawe kwa walioingia kwenye sehemu hiyo, kisha gawa kwa dakika za sehemu. Usigawe kwa 100 ya mwanzo, kwa sababu waliokwisha kuondoka hawawezi kuondoka tena. B imepoteza 11 kati ya 74, ambayo ni asilimia 15 kwa nusu dakika. Kwa kasi hiyo ni kama 30 kwa dakika. C imepoteza 17 kati ya 63, yaani asilimia 27 kwa chini kidogo ya dakika mbili, au karibu 15 kwa dakika. D na E zinapoteza kama 4 au 5 kwa dakika. F ni 6. G imepoteza zaidi ya nusu ya waliokuwemo kwa dakika moja na sekunde kumi.

A imepoteza 26 kati ya 100 kwa sekunde 25, kwa hiyo kasi yake inaizidi hata ya G. Kwa hesabu hii pekee mtu angeanza na A, kisha G, kisha B. Bado mapema. Kila sehemu ya video ina kasi yake ya kawaida ya kupoteza watu, na kasi hiyo hubadilika kadiri video inavyosonga. Sekunde za kwanza zinapokea kila aina ya mtu: aliyebofya kwa bahati mbaya, aliyedhani ni kitu kingine, aliyetaka kuhakikisha tu kuwa ni video ile aliyoitazama juzi. Wanapoondoka hao, wanaobaki ni wale wenye shida ya gia kweli, nao ni wavumilivu zaidi. Ndiyo maana mistari karibu yote hulegea kadiri dakika zinavyopita. Usijipongeze kwa D na E kupoteza watu wachache: sehemu yao ya sifa ni kwamba wasio na subira walishatoka kabla hawajazifikia.

Kwa hiyo sehemu hailinganishwi na jirani yake ndani ya video ileile. Inalinganishwa na mahali palepale kwenye video nyingine. YouTube Studio inakusaidia kwa kukuchorea, pamoja na mstari wa video yako, kiwango cha kawaida cha chaneli yako kinachotokana na video zako 10 za karibuni zenye urefu unaofanana. Kipimo kile cha `relativeRetentionPerformance` kwenye msimbo hapo juu kinalinganisha na video za YouTube kwa jumla zenye urefu kama wako. Mimi hupendelea cha kwanza. Kulinganishwa na YouTube nzima ni kulinganisha somo la gia na vichekesho, na matokeo yake yanakwambia zaidi kuhusu aina ya video kuliko kuhusu maandishi yako.

Tuseme kiwango cha kawaida cha chaneli hii kinaonyesha asilimia 73 kwenye sekunde ya 25. Video yetu ina 74. Ufunguzi, uliobeba poromoko kubwa kuliko yote kwenye grafu nzima, hauna kasoro inayoonekana. Usiuguse. Kwenye eneo la C, video nyingine za chaneli hupoteza kama asilimia 8 kwa dakika. Hii inapoteza karibu 15. Na B? Kwenye B mstari wa kawaida nao umeporomoka hivyohivyo, jambo ambalo lingeweza kukudanganya kwamba mambo ni sawa. Si sawa. Chaneli hii inaweka utambulisho uleule mahali palepale kwenye kila video, kwa hiyo ugonjwa umeingia ndani ya kipimo chenyewe. Huo ndio udhaifu wa kujilinganisha na nafsi yako: kosa linalorudiwa kila mara halionekani. Kwa sehemu zinazojirudia kwenye video zote, namna ya kujua ni kutengeneza video mbili tatu bila sehemu hiyo na kuona mstari unafanya nini.

Kuhusu G, kabla ya kuihukumu, jiulize ahadi ya kichwa cha video imetimia wapi. Mtu alikuja gia zake ziache kuruka. Ilipofika 8:50 gia zinafanya kazi, msimuliaji akasema "basi hadi hapo", na watu wakashika njia. Hawakufukuzwa; wamemaliza shughuli yao. Neno lolote linaloashiria mwisho lina nguvu hiyo, hata likitamkwa dakika tatu kabla ya mwisho wenyewe, na kwa kweli hilo ni kosa la skripti ninalolikuta mara kwa mara: mwandishi anaandika "kwa kumalizia" halafu anaongeza jambo lililo muhimu. Kwa G, dawa ni kuifupisha ili kadi za mwisho, zinazowekwa ndani ya sekunde 5 hadi 20 za mwisho wa video, ziwakute watu kabla hawajatoka. Dakika moja na sekunde kumi za kuaga ni nyingi. Lakini huko ni kukata, hakuna cha kuandika upya.

Kuna sababu nyingine ya kutoanza na G, na hii ndiyo ningependa mwandishi wa skripti aishike kuliko nyingine zote. Hasara za sehemu zinazidishana. Kama C ingepoteza watu kwa kasi ya kawaida ya chaneli, mwishoni mwake wangebaki kama 54 badala ya 46. Hilo ni ongezeko la asilimia 17, na haliishii hapo: kila sehemu inayofuata ingepokea watazamaji asilimia 17 zaidi, na kama tabia yao ni ileile, D, E, F na G zote zingepanda kwa kiwango hicho bila wewe kugusa neno lake hata moja. Ukitumia nguvu hizohizo kuinoa F, anayefaidika ni G tu. Sehemu mbovu iliyo mapema inaudhoofisha uandishi wote ulio nyuma yake. Kwa hiyo katika kuchagua, zidisha mambo mawili: kasi iliyozidi kawaida, na kiasi cha video kilichobaki baada ya hapo. Kwa kipimo hicho C inakuja mbele, B inaifuata kwa karibu, na nyingine zinaweza kusubiri.

Sasa tuingie ndani ya C, maana kujua ni sehemu ipi bado si kujua kwa nini.

Ukiikuza grafu hapo utaona jambo ambalo jedwali limelificha. Mstari hauteremki moja kwa moja kutoka 63 hadi 46. Unashuka mpaka 41 kwenye 2:10, halafu unapanda tena hadi 46 kwenye 2:45, D inapoanza. Hilo ni bonde, na bonde lina maana tofauti na mteremko. Waliotoka hawarudi katikati ya video. Waliorudi ni wale walioruka mbele. Kwa hiyo kati ya pointi 22 zilizopotea kufikia chini ya bonde, takriban 5 ni watu waliovuta mstari wa muda mbele mpaka wakaona bisibisi mkononi mwa fundi, na 17 wameondoka moja kwa moja. Nasema takriban kwa sababu wengine wanaweza kuruka kwa wakati uleule wengine wanapotoka, na grafu inaonyesha jumla yao tu.

Anayeruka na anayetoka wanakuambia mambo tofauti. Anayeruka anasema: nataka video hii, sitaki sehemu hii. Anayetoka anaweza kuwa anasema neno hilohilo kwa ukali zaidi, au anaweza kuwa amekata tamaa na video nzima. Ili kuwatenganisha, tumia uwezo wa YouTube Studio wa kuigawa grafu kwa watazamaji wapya na wanaorudi. Tuseme kwenye video yetu wanaorudi wana bonde refu linalojaa karibu lote, na wapya hawana bonde bali mteremko mkali usiopona. Picha inaanza kueleweka. Wanaorudi wanajua mnyororo ni nini na wanaijua chaneli, kwa hiyo wanaruka wakiamini kuna kitu mbele. Wapya hawana imani hiyo. Wanapewa orodha ya majina ya vyuma kabla hawajajua watavitumia kufanya nini, nao wanaenda kutafuta video nyingine.

Kama poromoko lingekuwa kwa wapya peke yao na kwenye sekunde za kwanza, ningetazama kwingine kabisa: wapya hao wametoka wapi? Video inapopendekezwa kwa umati mpana usio na haja nayo, au inapotangazwa kwa malipo, mstari wote wa mwanzo hushuka ingawa skripti ni ileile. Hapo tatizo ni kichwa, kijipicha au aina ya watu walioletwa, na mwandishi akianza kuandika upya ufunguzi anatibu asiyeumwa.

Na kabla ya kugusa skripti, tazama video yenyewe mahali hapo. Isikilize bila kutazama, kisha itazame bila sauti. Poromoko la ghafla, lililo kama ukuta, mara nyingi halitokani na maneno: muziki umepanda ghafla, sauti ya msimuliaji imebadilika kwa kuwa kipande hicho kilirekodiwa siku nyingine, au kuna tangazo. Video zinazozidi dakika 8 zinaweza kuwekewa matangazo katikati, na tangazo likikatiza sentensi, watu wanatoka bila kujali sentensi hiyo imeandikwa vizuri kiasi gani. Linganisha muda wa tangazo na muda wa poromoko. Vikikutana, hamisha tangazo kwanza uone.

C yetu haina ukuta. Ina mteremko mrefu, na mteremko mrefu karibu kila mara ni suala la muundo, si la sentensi moja. Kumbuka pia kwamba mtu hatoki papo hapo anapochoka. Anavumilia kidogo, anasubiri aone kama jambo litabadilika, halafu anatoka. Kinachomwondoa mtu kwenye 1:30 huenda kilisemwa kwenye 1:15, au hata ni sentensi ya kufungulia sehemu yenyewe. Kwa hiyo ninaposoma skripti pembeni ya grafu huanzia juu kidogo ya mahali mstari unapoanza kuinama, na kuuliza swali moja: kufikia hapa, mtazamaji anasubiri nini? Kama hakuna jibu, nimepata kiini.

Hivi ndivyo C inavyoanza katika skripti ya awali:

"Kabla hatujaanza kazi, ni muhimu kwanza tukazifahamu sehemu zote za mfumo wa gia. Huu ni mnyororo. Hizi huku nyuma tunaziita sproketi. Hiki hapa ni kibadili gia cha nyuma, nacho kina sehemu zake, ambazo ni hizi zifuatazo..."

Sentensi ya kwanza inamwambia mtazamaji kwamba kazi haijaanza, ingawa karibu dakika nzima imekwisha kupita. Zinazofuata zinampa majina bila sababu ya kuyashika. Hakuna anachosubiri. Ukikata nusu ya majina utaifupisha tu hali hiyohiyo. Kinachotakiwa ni kuvunja sehemu na kulipeleka kila jina mahali linapotumika. C mpya, ya sekunde zipatazo 20, ingeweza kuwa hivi:

"Geuza baiskeli uitazame kwa nyuma. Kwenye kibadili gia utaona skrubu mbili ndogo zilizokaa pamoja, moja ina herufi H, nyingine L. Tunaanza na L, kwa sababu ndiyo inayozuia mnyororo usipite sproketi kubwa na kuingia kwenye spoku. Skrubu hii ikiwa imelegea, gurudumu linaweza kukwama ukiwa mwendoni."

Hapo D imeshaanza. Mtazamaji amelijua jina la kibadili gia, la sproketi na la spoku, lakini kila moja limekuja likiwa na kazi yake, na anasubiri kujua L inazungushwaje. Majina yanayohusu kebo yanahamia E. Yasiyotumika popote yanaachwa, hata kama mwandishi aliyapenda.

B haiandikwi upya. Inaondolewa, na ombi la kujiunga linawekwa baada ya D, mtu akiwa ameshapata kitu mkononi. Nashauri kufuta kabla ya kuandika upya kila inapowezekana, kwa sababu ndogo sana: matokeo ya kufuta ni rahisi kuyasoma. Sehemu iliyoandikwa upya inaweza kuwa mbaya kwa namna mpya.

Kuna sehemu moja ambayo jedwali limeipa alama nzuri nami naishuku. Ndani ya E, kwenye 5:30, mstari una kichuguu: unapanda kwa pointi 6 hivi kisha unashuka tena. Mwenye video hufurahi akikiona, na YouTube yenyewe hukionyesha kama mahali palipotazamwa zaidi au kurudiwa. Lakini kurudia kuna sababu mbili, kupenda na kutoelewa. Kwenye video ya burudani ya kwanza ndiyo yenye uwezekano zaidi; kwenye somo la ufundi mimi hudhani ya pili mpaka ithibitishwe vingine. Skripti pale inasema: "Zungusha kirekebisho cha kebo kinyume cha saa, robo mzunguko kwa wakati mmoja, mpaka mnyororo upande bila kusita." Kinyume cha saa ukiwa umesimama upande gani? Anayekitazama kirekebisho kutoka nyuma na anayekitazama kutoka mbele hawataelewana. Watu wanarudisha nyuma kuangalia vidole vya fundi. Maoni chini ya video yanayotaja 5:30 yangemaliza ubishi, na hapo ndipo pa kuyatafuta kwanza. Dawa ni maneno machache: "ukiwa umesimama nyuma ya baiskeli", kisha picha ishikiliwe mpaka mzunguko ukamilike. Mstari ukilala baada ya hapo, kichuguu kitakuwa kimepotea, na itakuwa ni maendeleo ingawa namba imeshuka.

Kwa video iliyokwisha kupakiwa uwezo wako ni mdogo. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili na kubakiza anwani ileile, ila ndani ya YouTube Studio unaweza kukata vipande. B inaweza kuondolewa hivyo leo hii, na sehemu kubwa ya C pia, mradi mkato usiache sentensi ikining'inia. Unaweza pia kuweka sura: ziwe angalau tatu, ya kwanza ianze 00:00, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi. Lakini sura hubadilisha tabia ya mstari wenyewe. Zinawarahisishia watu kuruka, kwa hiyo mabonde huongezeka na vichuguu huota mwanzoni mwa kila sura. Ukishaziweka, usiilinganishe video hiyo na zile zisizo na sura ukadhani unapima skripti.

C mpya itajaribiwa kwenye video ijayo ya ufundi yenye muundo huohuo na urefu unaokaribiana, B ikiachwa kama ilivyo kwa mara hiyo moja ili mabadiliko mawili yasichanganyike. Ninachotazama si asilimia ya mwisho wa video, bali kasi ya kutoka kati ya dakika ya kwanza na ya tatu, na kama bonde la wanaorudi limefukika. Bonde likifukika na wapya wakaendelea kutoka kwa kasi ileile, basi majina hayakuwa kisa chao. Hapo ningerudi kwenye ufunguzi, si kwa sababu ya pointi zake 26, bali kuangalia kama ulimwahidi mtu mpya kitu ambacho dakika tatu za kwanza hazimpi. Na ikiwa mteremko utapungua kwenye C lakini D ianze kupoteza zaidi ya ilivyokuwa, sitaikimbilia D mara moja: itakuwa imepokea watu ambao zamani wangetoka mapema, na sehemu fulani yao ilikuwa itoke vyovyote vile.